Mzee wa Broadmoor na Sheria Mbili za Kumtibu Asiyetaka

Septemba 1993, katika hospitali ya ulinzi mkali ya Broadmoor, kusini mwa Uingereza, iligundulika kwamba mguu wa mgonjwa mmoja mwenye umri wa miaka 68 ulikuwa umeanza kuoza. Akapelekwa hospitali ya kawaida. Daktari wa upasuaji alimweleza bila kumficha kwamba mguu usipokatwa chini ya goti, uwezekano wa kufa ni asilimia 85. Mzee akakataa. Alisema ni afadhali afe na miguu yake miwili kuliko aishi na mmoja.

Mzee huyu, ambaye mahakama ilimpa herufi C ili kulisitiri jina lake, alikuwa na skizofrenia ya miaka mingi. Aliamini kwamba aliwahi kuwa tabibu mashuhuri duniani na kwamba hakuwahi kufiwa na mgonjwa hata mmoja. Mtu wa namna hii akikataa upasuaji, wengi wetu tungesema hayo si maneno yake, ni ugonjwa unaozungumza. Hata hivyo alikubali matibabu madogo: nyama iliyokufa ikaondolewa, akapewa antibiotiki, na hatari ya karibu ikapungua. Wakili wake alipoiomba hospitali iahidi kwamba haitaukata mguu huo hata siku za mbele, hospitali haikuahidi. Ndipo shauri likafika Mahakama Kuu.

Jaji Thorpe hakupoteza muda kuuliza kama mzee ni mgonjwa wa akili, maana hilo halikuwa na ubishi. Aliuliza mambo matatu. Je, mzee ameyaelewa maelezo ya madaktari na kuyashika kichwani? Je, anayaamini? Je, anaweza kuyaweka kwenye mizani, faida upande huu na hasara upande ule, hadi akafikia uamuzi? Mzee alijua kwamba mguu unaoza, alijua madaktari wanasema nini, na alikubali kwamba huenda akafa. Haikuthibitishwa kwamba kukataa kwake kumetokana na ndoto zake za utabibu. Jaji akaamua kwamba mguu ule usikatwe, wakati huo wala baadaye, bila ridhaa yake ya maandishi.

Sasa tumwangalie mzee huyuhuyu, akiwa na akili ileile na kitanda kilekile, lakini safari hii kinachokataliwa ni sindano ya skizofrenia. Maswali matatu ya Jaji Thorpe yasingeulizwa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, iliyotumika Uingereza na Wales, ilimruhusu daktari wake kumtibu ugonjwa wa akili bila ridhaa katika miezi mitatu ya mwanzo ya dawa. Baada ya hapo alihitajika daktari wa pili kutoka nje kuidhinisha, na daktari huyo angeweza kuidhinisha hata kama mgonjwa anaelewa kila kitu na bado anasema hapana. Kwa habari ya mguu, mzee alikuwa mtu mzima mwenye kauli ya mwisho, hata kauli ya kujiua. Kwa habari ya dawa ya akili, kauli yake haikuwa na nguvu ya kuizuia sindano.

Kila kamati inayokaa kurekebisha sheria ya afya ya akili hukutana na hitilafu hii, na kuna njia mbili za kuikabili. Njia ya kwanza ni ya zamani, nayo hutazama hali ya mtu. Ana ugonjwa wa akili? Ugonjwa huo ni wa kiwango cha kuhitaji hospitali? Kuna hatari kwa afya yake, usalama wake, au kwa watu wengine? Majibu yakiwa ndiyo, mlango unafungwa na matibabu yanaanza. Njia ya pili hutazama uwezo wa kuamua. Haijali jina la ugonjwa. Inauliza kama mtu huyu, kuhusu matibabu haya, kwa sasa, anaweza kuamua. Akiweza, uamuzi wake unaheshimiwa hata ukiwa mbaya. Asipoweza, wengine wanaamua kwa niaba yake, kwa masharti maalumu.

Mwaka 1998 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Genevra Richardson, mwanasheria, ili ipendekeze sheria mpya. Ripoti yake ya mwaka 1999 iliuweka uwezo wa kuamua katikati ya mapendekezo. Haikuwa kamati ya watu waliosahau yanayotokea mitaani. Iliacha mlango mdogo kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua ambaye kuna hatari kubwa kwamba atawadhuru wengine, lakini ikataka masharti yawe mazito zaidi kwa mtu huyo kuliko kwa yule aliyepoteza uwezo.

Serikali haikuukubali msingi huo. Miaka miwili kabla ya kamati kuundwa, mama na bintiye mdogo waliuawa njiani huko Kent, na aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alielezwa kuwa na tatizo la haiba ambalo madaktari walidhani halitibiki. Magazeti yalidai kujua kwa nini hakufungiwa mapema. Tangu hapo mjadala ukawa wa hatari, na neno uwezo likasukumwa pembeni. Sheria ya mwaka 2007 iliyofuata ilibakiza vigezo vya ugonjwa na hatari, tena ikaongeza amri za matibabu nje ya hospitali, ambazo humrudisha mgonjwa wodini asipotii masharti aliyowekewa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa. Tukio moja la kutisha lilipewa nafasi ya kuandika sheria ya maelfu ya watu ambao hawajawahi kumgusa mtu.

Wanaotetea njia ya zamani wana hoja moja nzito, nayo inastahili kujibiwa kwa utulivu. Wanasema kwamba mtu akiwa na ugonjwa mkali wa akili, kuuliza habari ya uwezo ni kupoteza wakati, maana waliolazwa kwa nguvu wote hawana uwezo. Utafiti uliofanywa kusini mwa London na kuchapishwa mwaka 2008 katika jarida la madaktari wa Uingereza uliwapima wagonjwa 200 waliolazwa katika wodi za akili. Kati ya waliolazwa kwa amri ya sheria, asilimia 86 hawakuwa na uwezo wa kuamua kuhusu matibabu. Kwa hiyo hoja ile ina ukweli mwingi ndani yake: mara nyingi njia zote mbili zitamfikisha mtu yuleyule kwenye kitanda kilekile.

Lakini utafiti huohuo ulitoa takwimu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kati ya wale walioingia wodini kwa hiari, walioitwa wameridhia, asilimia 39 nao hawakuwa na uwezo wa kuamua. Hawakukataa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Walimeza dawa bila mtu wa kuwatetea, bila baraza la kukata rufaa, bila tarehe ya kupitiwa upya. Hapo ndipo sheria ya hali ya mtu inapovuja pande mbili kwa mpigo. Inamshika kwa nguvu yule asilimia 14 anayeelewa na kukataa, na inamwacha bila ulinzi yule anayeitikia kila kitu kwa sababu haelewi. Mwenye kelele anaonewa, mwenye ukimya anasahauliwa.

Ili tuone tofauti inavyofanya kazi chumbani, tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa miaka 34 ana ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Kwa wiki tatu amelala saa mbili kwa usiku, ametumia akiba yote ya ada ya watoto kununua vifaa vya biashara ambayo haipo, na dada yake amemleta hospitali. Daktari anapendekeza alazwe na aanze dawa ya kutuliza hali hiyo. Mwalimu anasema hataki.

Chini ya njia ya kwanza, daktari anajaza kwamba kuna ugonjwa, umefikia kiwango cha kuhitaji hospitali, na kuna hatari kwa afya na mali yake. Kazi imekwisha. Chini ya njia ya pili, daktari anapaswa kukaa naye kwanza. Anamweleza kwa lugha nyepesi dawa ni ipi, inasaidia nini, inadhuru vipi, na kitatokea nini asipoinywa. Kisha anamwomba ayarudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu anaweza kuyarudia yote, neno kwa neno. Ameelewa na ameyashika. Daktari anauliza kama yanamhusu. Mwalimu anajibu kwamba dawa hizo ni za wagonjwa, naye haumwi, amepewa kipaji ambacho wengine wanakionea wivu. Anapoulizwa habari ya ada ya watoto, anasema pesa itarudi mara kumi kabla ya Ijumaa. Hapa ndipo uwezo ulipovunjika: taarifa zimeingia kichwani, lakini hawezi kuzitumia juu ya maisha yake mwenyewe.

Sasa badilisha jambo moja. Ni mwezi mmoja baadaye, mwalimu ametulia, na anaambiwa aendelee na litiamu. Anasema anajua kwamba bila litiamu huenda akaugua tena, maana imeshamtokea mara mbili. Lakini litiamu inamtetemesha mikono hadi hawezi kuandika ubaoni, nayo imemnenepesha, na daktari amemwambia kwamba figo zake zitahitaji kupimwa daima. Anaomba dawa nyingine, na kama haipo, yuko tayari kubahatisha. Daktari anaweza kuona uamuzi huo ni mbaya. Dada yake anaweza kulia. Lakini huyu ni mtu aliyepima, kama yeyote anayeacha dawa ya presha kwa sababu inamchosha. Sheria ya hali ya mtu bado inaweza kumrudisha wodini kwa hoja ya ugonjwa na hatari. Sheria ya uwezo inamwacha aende, na inamtaka daktari amwombe aandike mapema, akiwa ametulia, afanyiwe nini siku akipanda tena.

Ubaya wa kipimo hiki hautokani na maswali yake. Unaanza pale daktari mwenye haraka anapoyageuza kuwa mzunguko: mgonjwa amekataa dawa, kukataa ni dalili kwamba hajitambui, asiyejitambua hana uwezo, basi atibiwe. Akikubali, uwezo wake haupimwi kabisa. Kipimo cha namna hii ni sheria ya zamani iliyovaa nguo mpya. Ukitaka kujua kama upimaji ulifanyika kweli, soma fomu. Fomu iliyoandikwa kwamba mgonjwa hana utambuzi wa ugonjwa wake, basi, haijapima kitu. Fomu nzuri inasema uamuzi uliokuwa mezani ni upi, mgonjwa alielezwa nini, yeye alisema nini kwa maneno yake, alikwama katika hatua ipi, na nini kilifanyika kumsaidia kabla ya kusema ameshindwa. Pengine alihitaji mkalimani, au kusubiri asubuhi usingizi wa dawa uishe, au dada yake aondoke chumbani.

Nchi iliyojaribu kulifuata wazo hili hadi mwisho ni Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2002 ulianza uchunguzi mkubwa wa sera na sheria za afya ya akili na ulemavu wa akili, chini ya Profesa David Bamford. Bamford alifariki mwaka 2006 kazi haijaisha, na Profesa Roy McClelland akaichukua. Ripoti yao kuhusu sheria ilitoka mwaka 2007. Wakati huo madaktari wa akili na wanasheria, akiwemo George Szmukler wa London na John Dawson wa New Zealand, walikuwa wameshatoa pendekezo la wazi: msiwe na sheria mbili, ya mguu na ya akili. Muwe na moja kwa kila mgonjwa asiyeweza kuamua, awe amepoteza uwezo kwa skizofrenia, kwa kiharusi, kwa usahaulifu wa uzeeni, au kwa kugongwa kichwa na gari.

Bunge la Ireland ya Kaskazini lilipitisha sheria hiyo mwaka 2016. Inamhusu kila mtu wa miaka 16 na kuendelea. Mtu huhesabiwa hana uwezo kuhusu jambo fulani ikiwa, kwa sababu ya hitilafu katika akili au ubongo, hawezi kuelewa taarifa, kuzishika, kuona kwamba zinamhusu na kuzipima, au kuueleza uamuzi wake. Lile sharti la kuona kwamba zinamhusu halimo katika maneno ya sheria ya uwezo ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005, na Ireland ya Kaskazini waliliongeza kwa makusudi. Mwalimu wetu aliyerudia kila neno la daktari na kusema hayo ni ya wagonjwa wengine ndiye hasa anayelengwa.

Kisha sheria inapanda ngazi kwa ngazi kadiri jambo linavyozidi kuwa zito. Kumpa mtu chakula au kumfunga bendeji, inatosha mhudumu kuamini kwa sababu za msingi kwamba mtu huyo hana uwezo na kwamba jambo hilo ni kwa manufaa yake. Kumtibu kwa dawa nzito huku akipinga, au kumzuia asitoke, kunahitaji upimaji rasmi wa uwezo ulioandikwa, kushauriana na mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimteua, na kuthibitisha kwamba bila hatua hiyo kuna hatari ya madhara makubwa. Katika hatua nzito zaidi jopo la watu watatu linatoa idhini, na mgonjwa anaweza kukata rufaa barazani. Angalia hatari imewekwa wapi. Haikufutwa, imepewa nafasi ya pili: kwanza mtu awe hawezi kuamua, ndipo hatari ihesabiwe.

Je, imefanya kazi? Hapa wanaotaka kuiga wanapaswa kusoma kwa makini. Sheria ya 2016 ilianza kutumika sehemu ndogo tu, mwaka 2019. Sehemu iliyoanza Desemba mwaka huo inahusu zaidi kumnyima mtu uhuru wa kutoka, na wengi wanaoguswa ni wazee walio katika nyumba za kulea na wenye ulemavu wa akili. Agizo la Afya ya Akili la mwaka 1986, sheria ya zamani ya hali ya mtu ambayo Bamford alitaka lizikwe, liliachwa likiendelea kutumika wodini. Kuanza kwa sehemu hiyo moja kulihitaji maelfu ya wafanyakazi wafunzwe, fomu mpya zitungwe na majopo yaundwe katika mamlaka zote tano za afya. Kila kipimo cha uwezo kinamla mtaalamu saa ambazo hakuwa nazo. Bunge lililotoa sheria halikutoa pesa za kutosha kuiendesha yote, kisha lenyewe likasimama kwa miaka mitatu kwa ugomvi wa vyama.

Wapo wanaosema kukwama huko kunathibitisha kwamba wazo lenyewe ni baya. Sikubaliani nao. Kinachothibitishwa ni kwamba kumsikiliza mgonjwa kuna gharama, na kwamba njia ya zamani ilionekana rahisi kwa sababu gharama hiyo ilibebwa na mgonjwa peke yake. Wala si lazima kuruka mto kwa hatua moja. Uskoti, kwa ushauri wa kamati iliyoongozwa na Bruce Millan, ilipitisha sheria mwaka 2003 yenye njia ya kati: ugonjwa na hatari bado vinahitajika, lakini lazima pia ionyeshwe kwamba uwezo wa mtu kuamua kuhusu matibabu umedhoofika kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Sharti hilo moja lilimfanya daktari aulize swali ambalo Uingereza hakulazimika kuliuliza.

Yabaki mambo mawili magumu ambayo kamati yoyote isiyakwepe. La kwanza ni mtu anayetaka kufa. Mwanamke mwenye huzuni kali anaweza kuelewa kila neno, akakumbuka kila neno, na akasema kwa sauti tulivu kwamba hataki dawa kwa sababu hastahili kupona. Kwa kipimo kinachotazama maarifa tu, anafaulu. Kipimo kinachotazama kupima kitagundua kwamba upande mmoja wa mizani hauna kitu: ukimuuliza faida za kupona, hazioni kabisa, wala hawezi kuziwazia. Hapo daktari mwangalifu atasema hana uwezo, naye atakuwa na haki. Lakini ni hapohapo ambapo daktari mwingine atautumia mlango huo kumwita asiye na uwezo kila mtu asiyekubaliana naye. Sijaona maneno ya sheria yanayoweza kuziba mlango huo kabisa. Kinachosaidia ni daktari wa pili asiyefanya kazi chini ya yule wa kwanza, na mgonjwa kuwa na mtu wake chumbani.

La pili ni mtu mwenye uwezo wa kuamua anayetishia wengine. Wanaoogopa njia ya uwezo humtaja huyu kwanza. Jibu langu ni kwamba tunaye tayari, na wengi wao hawaumwi akili. Mume anayempiga mkewe kila akilewa ni hatari inayojulikana mtaa mzima, na hakuna anayemfunga kwa ajili ya kipigo cha mwezi ujao. Tunamshtaki kwa kipigo alichokwisha kupiga. Kumfungia mtu kabla hajatenda, kwa sababu tu hospitali imempa jina la ugonjwa, ni kumwekea sheria ambayo majirani zake hawawekewi. Kama jamii inataka kuwazuia watu hatari kabla hawajatenda, iandike sheria hiyo kwa watu wote hatari, kisha ione kama itakubali kuishi chini yake.

Upande mwingine kabisa umesimama Umoja wa Mataifa. Kamati inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ilitoa maelezo yake mwaka 2014 ikisema hata kipimo cha uwezo ni ubaguzi, maana kinawaangukia zaidi watu wenye ulemavu wa akili, na kwamba kinachotakiwa ni kumsaidia mtu aamue, siyo kuamua kwa niaba yake. Msaada huo unapaswa kuwa wa kwanza daima, na sheria isiyoutaja haifai. Lakini siku mtu hamjui mwanawe, anasikia sauti zikimwamuru aruke ghorofani, kumwachia uamuzi na kuuita msaada ni kumtelekeza. Katika ufuatiliaji wa wagonjwa wa London waliolazwa wakiwa hawana uwezo wa kuamua, zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliorudisha uwezo wao walisema walikubali kwamba ilikuwa sawa kuamuliwa. Nawasikiliza hao. Nawasikiliza pia wale wachache waliosema haikuwa sawa, kwa sababu ni wao ambao sheria hutungwa ili kuwalinda.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya hayapo mbali. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989, kama ilivyotungwa, ilimruhusu ndugu kuomba mgonjwa alazwe bila hiari ikiwa kwa wakati huo hawezi kueleza kama anataka au hataki matibabu. Maneno hayo yanafuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1930. Ukiyasoma harakaharaka utadhani ni kipimo cha uwezo. Sivyo. Mwalimu wetu alieleza wazi kwamba hataki. Kueleza hakukumshinda, kilichomshinda ni kupima. Na bubu wa ganzi aliye na akili timamu angeangukia humo. Kenya iliirekebisha sheria hiyo mwaka 2022, Tanzania ina yake ya mwaka 2008, na nchi zote mbili zimeridhia ule mkataba wa ulemavu, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Zitarudi tena mezani, na mjadala wa Belfast na Edinburgh utawafaa watakaokaa kwenye meza hiyo.

Kama ningeulizwa na kamati ya namna hiyo, ningeshauri hivi. Liwekwe sharti la uwezo kabla ya hatari, hata kama ni kwa maneno ya kati kama ya Uskoti. Neno la kuona kwamba jambo linakuhusu lisiachwe nje. Anayeitikia kimya apimwe kama anayekataa. Maelekezo ambayo mtu aliandika akiwa mzima yaheshimiwe atakapougua. Na sheria isipitishwe kabla hazina haijasema italipia saa ngapi za upimaji na majopo mangapi, ili isibaki kabatini kama sehemu kubwa ya ile ya 2016.

Mzee C hakufa kwa mguu ule. Aliishi, akiwa na miguu yake yote miwili.

Nawe msomaji, kwa kuwa kwetu ndugu ndiye anayempeleka mgonjwa hospitali na ndiye anayepewa karatasi atie sahihi, siku ikikufika usitie kwanza. Muulize daktari: mmemweleza nini, naye amejibu nini kwa maneno yake? Ukiona hakuna jibu, omba akae naye kwanza.